Uzoefu wangu na ripoti ya kila wiki inayojiandika yenyewe: ushindi ulikuwa mwingi, fedha zikapungua

Kwa muda wa miezi saba sasa nimekuwa nikilipia huduma inayosoma akaunti yangu ya MetaTrader 5, programu ya kununua na kuuza fedha za kigeni na dhahabu, na kuniandikia ripoti ya wiki bila mimi kugusa kitu. Akaunti hiyo nilianza nayo ikiwa na dola 2,000, na si yangu peke yangu, kwa kuwa nusu ya mtaji aliutoa shemeji yangu anayefanya kazi Maskati. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuitafuta huduma ya namna hii: mwenye fedha akiwa mbali, picha za simu zilizopigwa pale tu nilipopata faida si hesabu ya kumpelekea mtu.

Kuiunganisha hakukunisumbua. Niliwapa namba ya akaunti, jina la seva ya broka na neno la siri la mtazamaji, ambalo humwezesha aliye nalo kuiona akaunti bila kufungua wala kufunga biashara yoyote. Asiwepo mtu wa kukuomba neno la siri kuu kwa kazi hii, na akikuomba, ondoka. Siku ya kupokea nilichagua Jumamosi asubuhi, kwa kuwa soko la fedha za kigeni hufungwa saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa zetu, na katika miezi ya baridi ya Marekani hufungwa saa saba. Ripoti ikitengenezwa mapema zaidi, biashara za mwisho za Ijumaa huangukia wiki inayofuata. Kinachofika ni faili la PDF la kurasa mbili pamoja na nakala yake ya Word. Ukurasa wa kwanza una namba tatu kubwa, yaani kiwango cha ushindi, uwiano wa faida na drodauni, pamoja na mchoro wa salio, na wa pili una orodha ya biashara zote za wiki.

Ripoti ya kwanza ilinivunja moyo, nami naishukuru kwa hilo. Wiki ile nilikuwa nikijiona nimefanya vizuri, maana kwenye simu orodha yangu ilikuwa imejaa rangi ya buluu, na nyekundu zilikuwa nne tu. Ripoti ilikubaliana nami kwenye mstari wa `Win Rate`: biashara 14, ushindi 10, yaani asilimia 71.4. Chini yake palikuwa na mstari wa `Profit Factor` uliosomeka 0.80. Huo ni uwiano unaopatikana kwa kuchukua jumla ya faida zote na kuigawa kwa jumla ya hasara zote, na ukiwa chini ya 1, akaunti inapungua hata kama unashinda mara nyingi kiasi gani. Faida zangu kumi zilijumlisha dola 120, ilhali hasara nne zilifika dola 150. Kwa wastani nilikuwa nikivuna dola 12 ninaposhinda na kupoteza dola 37.50 ninaposhindwa. Nilipokokotoa, niligundua kwamba kwa wastani huo ningehitaji kushinda karibu biashara 76 katika kila 100 ili nirudishe fedha yangu tu, bila senti moja ya ziada.

Ukurasa wa pili ulionyesha chanzo waziwazi. Biashara zote nne za hasara zilikuwa za dhahabu, na zote zilikaa wazi kwa muda mrefu kuliko zile za faida, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kukisogeza mbele kikomo cha hasara kila bei ilipokaribia kukigusa, huku faida nikizikata mapema kwa woga. Tabia hiyo nilikuwa nayo kwa mwaka mzima, na simu haikuwahi kunionyesha.

Hata hivyo, nilipoikagua ripoti ile kwa kalamu, niliikuta nayo ina makosa yake. Kipimo nilichotumia ni chepesi, na ninamshauri kila anayelipia huduma ya aina hii akifanye wiki ya kwanza: chukua salio la mwisho wa wiki, toa salio la mwanzo wa wiki, kisha linganisha na faida halisi iliyoandikwa kwenye ripoti. Mimi sikuweka wala kutoa fedha wiki ile. Ripoti ilisema nimepoteza dola 30, lakini salio lilikuwa limeshuka kwa dola 38.40. Zile dola 8.40 zilizopotea njiani zilikuwa kamisheni. Broka wangu hutoza dola 7 kwa loti moja, ambayo ni kipimo cha ukubwa wa biashara, kufungua na kufunga, na MetaTrader 5 huiandika kamisheni katika safu yake, mbali na safu ya faida. Huduma ilikuwa ikisoma safu ya faida peke yake. Kamisheni ilipoingizwa, uwiano wangu ulishuka kutoka 0.80 hadi 0.75.

Kosa la pili lilikuwa kwenye hesabu ya ushindi. Mara mbili wiki ile nilikuwa nimefunga biashara kwa mafungu, nusu kwanza na nusu iliyobaki baadaye. Programu huandika kila ufungaji kama tukio linalojitegemea, na huduma ikawa inahesabu matukio badala ya biashara, hivyo ushindi wangu nane ukageuka kumi. Kwa hesabu ya haki nilifanya biashara 12 na kushinda 8, yaani asilimia 66.7. Uwiano wa faida haukuguswa na jambo hili, kwa kuwa jumla ya fedha ni ileile hata ukiikata vipande, nami tangu siku ile ndio ninaouamini kuliko kiwango cha ushindi. Mambo yote mawili yanarekebishika ndani ya mipangilio ya huduma, ila sikuona sababu ya kuyaacha hivyo tangu mwanzo, maana mteja asiyejua kukokotoa ataendelea kusoma namba tamu kuliko hali yake.

Nirudi sasa kwenye drodauni, ambayo ndiyo iliyonichukulia muda mwingi. Drodauni ni kina cha mshuko, kutoka kilele cha akaunti hadi bonde la chini kabisa lililofuata kabla akaunti haijapanda tena. Jumamosi moja mnamo mwezi wa tatu wa kuitumia huduma hii, shemeji alinipigia simu mapema kuliko kawaida yake.

“Shemeji, hapa naona imeandikwa drodauni asilimia tisa na nusu. Fedha imekwenda wapi?”

Nilifungua nakala yangu nikaona kweli imeandikwa hivyo, ilhali uwiano wa faida wa wiki ileile ulikuwa 1.6 na hapakuwa na hasara hata moja iliyozidi dola 25. Namba hizo haziwezi kukaa nyumba moja. Tulipofuatilia, tukakuta kwamba siku ya Jumatano nilikuwa nimetoa dola 200 kutoka kwenye salio la dola 2,100, na 100 kati ya hizo nilimtumia yeye mwenyewe! Katika historia ya akaunti, uwekaji na utoaji wa fedha huandikwa kwa aina ya `balance`, na huduma ilikuwa ikiuhesabu utoaji kama anguko. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa kuwa anayeongeza fedha baada ya kupoteza huonekana amepanda mlima mpya, na shimo lake hufunikwa. Niliwaandikia, wakanielekeza pa kuizima hesabu hiyo.

Wiki chache baadaye lilitokea jambo ambalo halikuwa kosa la hesabu bali la kipimo chenyewe. Nilinunua dhahabu kwa loti 0.10, ambapo kila dola moja ya mwendo wa bei ni dola 10 kwenye akaunti. Bei ilishuka dola 14, nami nikakaa siku nzima nikiangalia dola 140 zikielea upande wa hasara, kwenye salio la dola 1,900. Usiku bei ilirudi, nikafunga kwa faida ya dola 9. Ripoti ya Jumamosi iliandika drodauni ya wiki kuwa asilimia 1.1. Haikudanganya, kwa sababu ilikuwa ikipima salio, na salio hubadilika pale tu biashara inapofungwa. Lakini ekwiti, ambayo ni salio pamoja na faida au hasara inayoelea, ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 7, na hiyo ndiyo hatari niliyoibeba kwa fedha ya watu wawili.

Huduma ina chaguo la kupima ekwiti, ila halionekani hadi ulitafute. Historia ya biashara haihifadhi ekwiti, kwa hiyo wao huichungulia akaunti kila baada ya dakika tano na kuandika walichokiona. Maana yake ni kwamba wiki zilizopita kabla hujaliwasha haziwezi kurudishwa, na bei ikichomoka ghafla na kurudi ndani ya dakika hizo tano, hakuna atakayejua. Pamoja na upungufu huo, siwezi tena kusoma ripoti isiyo na mstari huo.

Lililobaki kwenye drodauni ni kwamba ripoti huanza kuhesabu upya kila Jumatatu. Mwezi wa tano nilipita wiki tatu mfululizo za kushuka, kila moja ikiwa na asilimia 3 kwenye karatasi yake, na kila karatasi ilionekana ya kustahimilika. Ukiziunganisha, akaunti ilikuwa imeshuka asilimia 8.7 kutoka kilele chake. Sasa nimeongeza mstari wa pili unaopima kutoka kilele cha juu kabisa tangu akaunti ifunguliwe, na huo ndio ninaoupigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu uwiano wa faida wa wiki moja, siuchukulii kwa uzito mkubwa siku hizi. Biashara 12 ni chache mno, na mara moja nilipomaliza wiki bila hasara yoyote ripoti iliandika `inf`, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kugawia. Shemeji hakujua kuwa ni ufupisho wa neno la Kiingereza `infinity`, yaani isiyo na kikomo. Mimi husoma jedwali dogo la wiki nane lililo chini ya ukurasa wa kwanza, ambalo kwa sasa linasomeka 1.24 baada ya kamisheni.

Nimelipia miezi mitatu mingine. Malalamiko niliyonayo bado ni kwamba ripoti yote ni ya Kiingereza, hivyo kila Jumamosi naongeza aya mbili za Kiswahili kwenye nakala ya Word kabla ya kuituma Maskati. Na mchoro una laini mbili, ya salio na ya ekwiti, ambazo zikichapishwa bila rangi kwa mwenye steshenari hapa mtaani hutoka na kijivu kimoja, usijue ipi ni ipi.