Grenda ya inchi 9 niliyoitambua kwa picha: uzoefu wangu baada ya miezi minane kazini

Nilikuwa natafuta grenda kubwa ya kukatia chuma, ile inayobeba diski ya milimita 230, na mfuko wangu ulikuwa unaniruhusu kununua iliyotumika tu. Anayeuza grenda iliyotumika hukutumia picha mbili na maneno machache: "mashine kali, kazi nzito." Ukiuliza ni modeli gani, jibu ni "hiyo hiyo unayoiona." Kwa hiyo kabla ya kusema lolote juu ya mashine niliyonayo sasa, acha nieleze nilivyofika kwake, maana nusu ya ubora wake ni kwamba sikununua ile ya kwanza.

Picha ya kwanza ilinivutia kwa rangi. Ilikuwa na ile rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu ambayo fundi yeyote akiiona anasema Makita. Jina lenyewe halikusomeka, mwanga ulikuwa umelipiga. Mimi rangi siiamini, kwa sababu ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Hata pale mashine ni halisi, rangi ina mambo yake: Bosch wana buluu kwa ajili ya mafundi na kijani kwa matumizi ya nyumbani, na jina ubavuni ni lile lile. Mtu akikwambia "ni Bosch," bado hajakwambia kitu.

Nilimwomba muuzaji kibati. Nikamwandikia: "Kaka, nipigie picha ya kile kibati chenye maandishi madogo, bila flashi, simu uishike wima juu yake." Akatuma. Hapo sasa ndipo kazi ilipo, kwa sababu kibati ni hesabu, na hesabu inaweza kukaguliwa ukiwa umekaa kwako.

Kiliandikwa wati 2800, volti 220 hadi 240, ampea 7.2, diski milimita 230, mizunguko 8500 kwa dakika. Chukua volti 230 uzidishe kwa ampea 7.2, unapata 1656. Kwa mota za aina hii, wati za kwenye kibati haziwezi kuzidi volti mara ampea. Huwa zinakaribiana nazo au zinapungua kidogo. Mashine ya wati 2800 kweli ingekuwa inavuta ampea 12 na kitu. Kwa hiyo namba moja kati ya hizo mbili ni ya uongo, na sikuwahi kuona mtu akidanganya kwa kupunguza wati.

Lakini kilichonitisha ni ile 8500. Diski ya milimita 230 ikizunguka mara moja, ukingo wake unasafiri sentimita 72 hivi. Zidisha kwa 8500, gawa kwa sekunde 60, unapata zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Sasa chukua diski yoyote ya kawaida ya ukubwa huo uisome: imeandikwa mita 80 kwa sekunde, na mizunguko isiyozidi 6650 hivi. Ukiipita, unaomba diski ipasuke mkononi mwako. Ndiyo maana grenda za inchi 9 za watengenezaji wanaojulikana zote zinacheza kwenye 6600 au chini yake, wakati zile ndogo za milimita 115 au 125 zinafika 11,000 bila tatizo, kwa sababu diski ni fupi. Aliyeandika kibati kile ama hakujua anachoandika, ama mashine ilikuwa hatari kweli. Kwangu yote mawili yalikuwa na jibu moja. Nikamshukuru kaka yule nikamwacha.

Picha ya pili ilikuja wiki mbili baadaye, chafu kupita kiasi. Vumbi la chuma limejaa kwenye matundu ya hewa, kava ya diski imekwaruzwa hadi rangi imeisha, waya umefungwa fundo. Rafiki yangu tunayefanya naye kazi aliiangalia akasema, "Fundi, hiyo imechoka, achana nayo." Mimi nikaona kinyume. Kava iliyokwaruzwa ni dalili kwamba imetumika ikiwa na kava. Ninayemwogopa ni yule aliyeitoa.

Kibati chake kilikuwa kimefutika nusu. Ampea hazikuonekana kabisa. Modeli ilisomeka `GA90`, halafu doa la grisi, halafu `0`. Kwa Makita, GA ni grenda, na 90 inakwambia ni ya inchi 9. `GA50` ni inchi 5, `GA45` ni inchi 4 na nusu. Kwa hiyo familia ilishajulikana, ila katika familia hiyo wamo wengi. Kilichoniokoa ni wati. Pale chini ilisomeka 2200, na pembeni 6600. `GA9030` ni wati 2400, kwa hiyo siyo yenyewe. Mojawapo iliyo na 2200 na 6600 ni `GA9020`. Nikahisi doa la grisi limeficha 2. Nilimwomba muuzaji aifute kwa kitambaa chenye spiriti apige tena, na 2 ikatokea. Nilifurahi kama mtoto.

Bosch wanakurahisishia zaidi, maana kwao jina lenyewe ndilo kibati: `GWS 22-230` ni grenda ya wati 2200 na diski ya 230. Ukiona jina la namna hiyo ubavuni na kibati kinasema wati 1500, jua ganda la mwili limetoka kwenye mashine nyingine.

Kitu kingine nilichokiangalia kwenye picha ni waya. Watu hawausomi, na umeandikwa. Kwenye ngozi ya waya kuna maandishi madogo yanayojirudia kila baada ya kipande kifupi. `H07RN-F` ni mpira mzito, unaovumilia kuburutwa sakafuni, mafuta na baridi. `H05VV-F` ni plastiki ya kawaida kama ya vifaa vya nyumbani, inakakamaa na kupasuka pale unapoingia kwenye mashine. Waya wa plastiki kwenye grenda ya wati 2200 ni alama kwamba ama mtengenezaji alibana matumizi, ama umebadilishwa. Wangu ulikuwa wa mpira.

Picha ina mwisho wake, hata hivyo. Haikuonyeshi beringi iliyolegea wala mota iliyoungua ikasukwa upya. Kwa hayo niliomba video ya sekunde kumi, mashine ikiwashwa na kuzimwa, simu ikitazama matundu ya nyuma pale zinapokaa kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Cheche ndogo ndogo za buluu pale ni kawaida. Moto unaozunguka kama pete ni kaboni zilizoisha au amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, iliyoharibika, na mashine hiyo huinunui. Sikiliza pia inapozima: inatakiwa ishuke taratibu kwa mlio mmoja. Ikikwaruza ikielekea kusimama, ni gia au beringi. Ya kwangu ilishuka vizuri, ikikohoa kidogo mwishoni. Nikanunua, nikafungua giaboksi, nikakuta grisi imekauka kama ugoro. Niliisafisha nikaweka mpya, kikohozi kikaisha.

Sasa mashine yenyewe, miezi minane. Kazi yake kwangu ni kukata angalaini za 50 kwa 50, mabomba, mara mojamoja mihimili, na kusaga maungio ya weldi. Kwa kukata haina maneno. Unaiachia uzito wake wenyewe ifanye kazi, husukumi. Ukisukuma, mlio unashuka, na mlio ukishuka ndipo mota inapopata joto, kwa sababu feni inayoipoza iko kwenye shafti ile ile: ikizunguka polepole, hewa inapungua wakati umeme unaongezeka. Hilo ndilo linaloua grenda nyingi karakanani, siyo wingi wa saa. Nikimaliza mkato mrefu naiacha izunguke bila mzigo kama nusu dakika kabla ya kuzima, ijipulizie hewa.

Kwa kusaga siipendi sana. Ni nzito, na baada ya dakika ishirini mabega yanakukumbusha. Maungio ya weldi siku hizi namalizia na ndogo ya 125. Anayesema ana mashine moja ya kazi zote nzito, muulize anasagia nini.

Pia hii yangu haina kifaa cha kuiwasha taratibu. Ukibonyeza swichi inaruka mkononi, na kama umeishika kwa mkono mmoja utajuta. Kwenye modeli za namna hii, herufi zinazofuata baada ya namba zinaweza kubadilisha mambo kama hayo, kwa hiyo kwenye picha usiishie kwenye namba, soma hadi mwisho wa mstari.

Nilipata shida moja kubwa mwezi wa pili, na kosa lilikuwa langu. Mashine ilianza kuwa nzito, inakata kwa kusuasua, mwili unapata moto hata kushikika shida. Nikawaza nimeuziwa mota iliyosukwa. Nikafungua kaboni, nzima, bado hazijafika kwenye alama ya kikomo. Rafiki yangu ndiye aliyeushika waya wa kuongezea uliokuwa umeviringishwa kwenye gurudumu, akautupa: ulikuwa na moto kuliko mashine. Ulikuwa mwembamba, wa milimita moja ya mraba, tena mrefu, na kwa kuuacha umeviringishwa nilikuwa nimejitengenezea hita. Umeme uliokuwa unafika kwenye grenda ulikuwa umeshapungua njiani. Nikaweka wa milimita 2.5 za mraba, nikauviringua wote kila ninapoutumia, mashine ikarudi kuwa yenyewe siku ile ile.

Kaboni nimebadilisha mara moja, mwezi wa saba, zote mbili pamoja ingawa moja ilikuwa bado na uhai. Swichi inaanza kushika vumbi, nadhani itakuwa ya kwanza kuniomba matengenezo.

Kwa karakana inayokata chuma kila siku naikubali, mradi kuna ndogo ya kusaidiana nayo. Yule kaka wa kwanza, kwa taarifa yenu, bado ana tangazo lake. Amebadilisha picha: kibati sasa kimefunikwa kwa kidole gumba.