Kutoa kwa wakala au kwenye ATM: makato halisi ni yapi?

Kwa wakala, ada hupangwa kwa viwango: kila kiwango kina kiasi cha chini na cha juu, na ukivuka mpaka hata kidogo unalipa ada ya kiwango kinachofuata. Kwa hiyo, kabla ya kutoa, tazama kiasi chako kiko wapi kwenye jedwali la ada. ATM mara nyingi hutoza kwa kila muamala, kiasi kiwe kidogo au kikubwa, na ya benki nyingine huweza kuongeza ada yake. Ndiyo maana kutoa kidogo kidogo kwenye ATM huumiza.

Usitegemee jedwali peke yake, pima mwenyewe. Chukua salio la kabla, ondoa fedha ulizopokea mkononi, kisha ondoa salio la baada. Tuseme ulikuwa na 25,000, ukapokea 10,000, na ujumbe unaonyesha salio 14,830. Makato ni 170. Ikiwa ujumbe unataja ada ya 150, zile 20 huenda ni kodi au tozo iliyoandikwa kando. Itafute kwenye taarifa ya akaunti.

Kwa wakala hesabu hii hukamilika papo hapo, na ada hukatwa kwenye salio, hivyo akikudai nyongeza mkononi, kataa. Kwa ATM subiri kidogo: ada huweza kuingia kama mstari wa pili, baadaye, na hata kuuliza salio kunaweza kutozwa.