Huduma ya Meseji za Ofisi na Alama za Kuuliza: Uzoefu Wangu wa Miezi Minane

Ofisi yangu ndogo ya uwakala wa forodha iko Mombasa, si mbali na bandari ya Kilindini, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Moroni wanaoandika kwa Kifaransa. Miezi minane iliyopita nilijiunga na huduma ya meseji ambayo huniwezesha kutuma taarifa kwa wateja wengi kwa pamoja na kuyapokea majibu yao kwenye kompyuta badala ya simu. Kwa kutuma taarifa za Kiswahili sina lalamiko kubwa. Kwa kupokea majina ya watu, nimeacha kuiamini.

Mteja mmoja alinitumia jina la kuandikwa kwenye hati ya shehena, nami nikalipokea hivi:

```
Mettre au nom de Sa?d, l'arrivée est prévue lundi, tout est pr?t.
```

Neno la mwisho halikunisumbua, kwa kuwa katika Kifaransa hapo panaingia "prêt" tu, yaani "tayari". Tatizo lilikuwa jina. Huenda aliandika Saïd, au aliandika Sa’d kwa ritifaa iliyopinda, na hayo ni majina mawili tofauti ambayo sisi wa pwani tunayajua yote. Jina likikosewa kwenye hati, mzigo hukaa bandarini na gharama za uhifadhi hupanda huku masahihisho yakisubiriwa.

Niliandika kulalamika, nikajibiwa kwamba kosa ni la simu ya mteja. Nikamwomba mteja anitumie neno "prêt" peke yake kwa laini yangu ya kawaida, nalo likafika zima. Kisha nikaijaribu huduma yenyewe kwa kuitumia mstari wa kwanza hapa chini kutoka simu yangu. Wa pili ndio uliotokea kwenye kompyuta:

```
é è ê ô ï ç ’ '
é è ? ? ? Ç ? '
```

Mstari huo wa pili ulinieleza karibu kila kitu. Meseji za kawaida hutumia jedwali la herufi la GSM, ambalo lina nafasi 128 za msingi. Ndani yake zimo é, è, à na ñ, lakini ê, ô na ï hazimo. Ç ndogo nayo haimo, ila kubwa yake imo, ndiyo maana ilirudi ikiwa imekua. Simu ikikutana na herufi isiyo na nafasi humo, huihamishia meseji yote kwenye mfumo mpana zaidi. Huduma hii huipokea meseji hiyo, kisha huirudisha kwa nguvu kwenye jedwali dogo, na kila kinachokosa nafasi huwekewa alama ya kuuliza.

Kwa kuwa é ilisalimika, nilijua ni jedwali hilo lililohusika. Kisha nikaitazama tena meseji ya mteja: ritifaa ya "l'arrivée" ilikuwa imefika salama, maana yake simu yake huandika ritifaa iliyonyooka, ambayo imo kwenye jedwali. Kama jina lingekuwa na ritifaa, nayo ingefika. Basi kilichopotea ni ï. Hata hivyo nilimpigia, kwa sababu hati ya shehena haijazwi kwa kukisia, naye akacheka: "Ni Saïd yule wa kawaida, mwanangu, ila sisi huweka nukta mbili juu ya i." Kifaransa huziweka ili a na i zisisomwe pamoja kama e.

Nilitumaini kwamba herufi halisi imefichika mahali fulani, lakini kumbukumbu ya huduma imehifadhi alama ya kuuliza yenyewe, kwa hiyo kubadili fonti hakusaidii kitu. Afadhali ingekuja SaÃ¯d, kama inavyotokea katika baadhi ya barua pepe. Hiyo inachukiza macho, lakini baiti zake bado zipo na inaweza kurudishwa.

Upande wa kutuma, mkasa wangu ulikuwa "mzigo wako wa ng?ambo", kwa kuwa nilikuwa nimenakili maneno kutoka programu ya kuandikia inayopinda ritifaa. Sasa naiandika upya ikiwa imenyooka. Kuna kitufe cha Unicode, kilichozimwa tangu mwanzo, ambacho huzilinda herufi zote za meseji zinazotoka, lakini meseji moja hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Taarifa yangu ya herufi 128 hulipiwa mara mbili kwa ajili ya ï moja. Nalipa kwa wateja wa Moroni pekee. Meseji zinazoingia hazina kitufe kama hicho, kwa hiyo majina nayapokea kwa picha ya pasipoti.