Bima za shilingi chache kwa siku: ipi ununue kwanza kama una duka na simu

Kanuni za bima ndogo za mwaka 2020 zinaweka kikomo nchini Kenya: malipo yasizidi shilingi 40 kwa siku, na fidia isizidi shilingi 500,000. Ndani ya mipaka hiyo kuna bidhaa nyingi zinazolipiwa kwa M-Pesa, na zinatofautiana sana kwa kile unachopata siku ya hasara. Njia rahisi ya kuzilinganisha ni kugawanya fidia utakayoipata mkononi kwa malipo ya mwaka mzima. Bei zilizo hapa chini ni za mfano tu, ili hesabu ieleweke.

Ya kwanza: moto na wizi wa kuvunja, kwa bidhaa za duka. Hii ndiyo tunayoiweka juu. Shilingi 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka, na kama zinalinda bidhaa za shilingi 200,000, fidia kamili ni mara 27 ya ulicholipa. Pia ni hasara ambayo huwezi kuiwekea akiba: moto wa soko la Gikomba huteketeza mtaji wote kwa usiku mmoja.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: je, mnakubali kibanda cha mbao na mabati? Mikataba mingi hutaka kuta za mawe au matofali, na wenye vibanda hujua hilo baada ya moto. Kama jibu ni la, pesa zako zinanunua ulinzi wa wizi peke yake, na hata huo hulipwa pakiwa na dalili za kuvunja: kufuli iliyokatwa, mlango uliong'olewa. Bidhaa zikichukuliwa mchana ukiwa umegeuka kumhudumia mteja, hupati kitu.

Kosa linaloumiza zaidi ni kutaja thamani ya chini ili ulipe kidogo. Tuseme bidhaa zako ni za shilingi 200,000, lakini umezikatia bima ya 100,000 kwa shilingi 10 kwa siku. Moto unachoma za 60,000. Utadhani zote zitalipwa kwa kuwa hazijafika 100,000. Sivyo. Mkataba wenye kanuni ya uwiano husema uliweka nusu ya thamani, basi utalipwa nusu ya hasara: 30,000. Ukiondoa asilimia 10 ya hasara unayojilipia mwenyewe, yaani 6,000, unabaki na 24,000. Ungekata bima ya thamani yote, ungepata 54,000. Umeokoa 3,650 kwa mwaka, ukapoteza 30,000.

Thamani hiyo lazima uithibitishe. Piga picha rafu kila mwezi, piga picha risiti za jumla, kisha zitume kwa simu ya mtu mwingine. Daftari likikaa dukani litaungua pamoja na bidhaa.

Ya pili: simu, wizi pamoja na kuvunjika. Simu ya shilingi 18,000 kwa shilingi 5 kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Tuseme mkataba unapunguza robo kwa uchakavu: inabaki 13,500. Toa asilimia 10 ya kujilipia, unapata 12,150. Hiyo ni chini kidogo ya mara 7 ya malipo. Kwa hiyo inafaa kama simu yako hupotea au kuvunjika walau mara moja kila miaka sita. Dereva wa bodaboda anayeitundika kwenye usukani inamfaa. Anayeiweka nyumbani, aweke akiba.

Soma neno "wizi". Mara nyingi ni kunyang'anywa kwa nguvu au kuvunjiwa. Simu iliyochomolewa mfukoni kwenye matatu au kuachwa kwenye kiti huenda isihesabiwe. Leo hii bonyeza `*#06#`, uandike nambari ya IMEI mahali pengine. Ikiibwa, funga laini, ripoti polisi haraka upate nambari ya OB, kisha peleka madai ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba.

Ya tatu: kioo cha simu peke yake. Linganisha na bei ya fundi wa Luthuli Avenue. Malipo ya mwaka yakikaribia nusu ya kioo kipya, iache.

Ya mwisho: bima iliyofungwa ndani ya simu ya mkopo. Hapa fidia huenda kwanza kumaliza deni. Huna chaguo mara nyingi, lakini usiikatie simu hiyo bima ya pili ukidhani utalipwa mara mbili.

Kwa zote, lipia wiki au mwezi kwa mkupuo. Sheria ya Kenya haitambui ulinzi ambao haujalipiwa, kwa hiyo akaunti ikikosa salio siku tatu, moto wa siku ya nne unaweza kuwa wako peke yako. Na ukianza tena, huenda muda wa kusubiri kabla ulinzi haujaanza ukahesabiwa upya. Pia uliza jina la kampuni ya bima iliyo nyuma ya anayekuuzia, ulitafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye nambari ya mkataba.