Uzoefu wangu na kipimo cha DNA cha asili ya ukoo: nilitumiwa "R1b", shemeji akaniita Mzungu

Nyota tatu kati ya tano. Maabara ilifanya kazi yake vizuri. Mbili nimezipunguza kwa sababu ya maelezo yaliyoambatana na majibu.

Nilisugua kijiti ndani ya shavu, nikakituma, nikasubiri. Majibu yalipokuja, juu kabisa iliandikwa haplogrupu yangu ya upande wa baba, yaani kundi la wanaume wenye babu mmoja wa kale katika mstari wa baba kwa baba: R1b. Chini yake palikuwa na ramani ya dunia, Ulaya Magharibi imekolezwa rangi, na sentensi moja kwamba kundi hili "ni la Wazungu wa Ulaya Magharibi". Mimi ni mweusi, na wazee wangu wote ninaowajua kwa majina ni Waafrika weusi. Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo salamu yake ni "Mzungu, umeamkaje?"

Utani ni utani, lakini nilitaka kujua. Nikalipia kipimo cha kina cha kromosomu Y, ile sehemu ya DNA inayosomwa kupata haplogrupu hiyo, na jibu likarefuka: R-V88. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. R1b ni shina kubwa lenye matawi mengi. Tawi lililoenea Ulaya Magharibi hutambulika kwa badiliko la DNA liitwalo M269. V88 ni tawi jingine, na matawi hayo mawili yaliachana zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa V88 imejaa kaskazini mwa Kamerun na maeneo ya jirani, hasa kwa wasemaji wa lugha za Kichadi, jamii ya lugha ambayo Kihausa kimo, na kwamba hupatikana kidogo hata Sardinia, kisiwa cha Italia. Kwa hiyo ukipewa herufi tupu kama "R1b" bila jina la badiliko la mwisho, hujaambiwa lolote kuhusu karne ambazo makabila ya leo yalikuwa yakijitokeza.

Ila hata V88 isinifanye nijiite Mhausa au Mchadi. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume tu. Rudi nyuma vizazi 10: una nafasi 1,024 za wazazi wa ngazi hiyo (baadhi hujazwa na mtu yuleyule mara mbili, ndugu wakioana). Y yangu inamfuata mmoja tu kati yao. Wengine 1,023, wakiwemo wanawake wote, hawaonekani kabisa kwenye herufi hiyo.

Jaribu ndani ya familia uone. Binti yangu hana kromosomu Y kabisa. Je, si wa ukoo wangu? Mtoto wa kiume wa mjomba wangu, ambaye babu yetu ni mmoja na tumelelewa nyumba moja, alipima akapata E-M2, haplogrupu nyingine kabisa. Yake ameirithi kwa babu huyo, yangu imetoka kwa baba. Kama haplogrupu ndiyo kabila, basi mimi na binamu yangu ni watu wa mataifa mawili, na binti yangu hana kwao. Nilipomweleza shemeji hivi alinyamaza kidogo, kisha akasema bado ataniita Mzungu kwa sababu limemkaa mdomoni.

Kuna kisa kilichonishika kuliko changu. Mwaka 2007, watafiti waliokuwa wakichunguza Y za wanaume Waingereza walimkuta mmoja mwenye haplogrupu A1, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imeonekana kwa watu wachache tu wa Afrika Magharibi. Wakawapima wanaume 18 wenye jina lake la ukoo, ambalo ni nadra na chimbuko lake ni Yorkshire. Saba walikuwa nayo. Ni watu weupe, wasiojua chochote kuhusu babu wa Kiafrika. Babu huyo yumkini alikuwepo, lakini baada ya vizazi kadhaa sehemu yake katika DNA yao nyingine ilikuwa imepungua kila kizazi kwa takriban nusu, huku Y ikipita karibu ilivyo. Sura, lugha na jirani zao havikumfuata yeye.

Sisemi kipimo hakina faida. Mtoto wa baba mdogo naye alitoka R-V88, na hilo linakubaliana na simulizi kwamba tuna babu mmoja upande wa kiume. Angetoka E-M2, tungejua kuna mahali mstari wa kiume umekatika, labda kwa mtoto wa kulea. Kwa swali la namna hiyo, kilipe fedha yako.

Niliwaandikia waliouza kipimo kuhusu ile sentensi ya "Wazungu". Wakanishukuru kwa maoni. Ramani bado iko palepale.