Programu ya kukagua picha: asilimia naitumia, ile ramani nyekundu siitegemei

Nashughulikia madai kwenye ofisi ya wakala wa bima hapa Dar. Siku hizi wateja wengi hutuma picha za gari lililogongwa kwa WhatsApp, kwa hiyo ofisi ikalipia huduma ya mtandaoni inayokagua kama picha imechezewa. Unapakia picha, na muda si muda unapata asilimia ya shaka. Chini yake unaletewa picha ileile ikiwa imepakwa rangi za joto: bluu, njano, nyekundu. Hizo rangi ndizo zilizotuletea maneno na wateja.

Chukua IST ya mama mmoja iliyobonyea bampa la nyuma. Ripoti ilitoa shaka ya asilimia 12, yaani ndogo, lakini kwenye ramani kulikuwa na doa kubwa jekundu juu ya kibao cha namba. Bosi aliona wekundu, asilimia hata hakuisoma. "Hii namba imebandikwa," akasema, na madai yakasimama. Gari lilipokaguliwa gereji, namba ilikuwa ileile ya kwenye kadi, na skrubu za kibao zilikuwa na kutu ya siku nyingi.

Sasa kwa nini pale pakawaka? Maelezo ya huduma yanasema ramani inatengenezwa kwa Grad-CAM, njia iliyochapishwa 2017. Njia hii haitafuti palipohaririwa. Inachofanya ni kuonyesha sehemu za picha zilizochangia zaidi kusukuma jibu la modeli, yaani akili bandia iliyo ndani ya programu, jibu hilo liwe sahihi au la kubahatisha. Kibao cha njano chenye herufi nyeusi kina kingo kali na kinaakisi mwanga, na WhatsApp ikishaibana picha, kingo hizo hubaki na vumbi la pikseli. Modeli kuvutiwa na mahali kama hapo ni jambo la kawaida, na bado haimaanishi kwamba kuna mtu aliyepagusa.

Kubwa zaidi ni jinsi rangi zinavyogawiwa. Kabla ya kupaka, programu kama hizi kwa kawaida huchukua thamani ndogo kabisa ya picha hiyo na kuiita 0, kisha kubwa kabisa huiita 1. Hata kama tofauti kati yao ni kiduchu, ile ya juu itapakwa nyekundu. Ni kama darasa ambalo wote wamefeli: wa kwanza bado yupo. Ndiyo maana picha yenye shaka ya asilimia 12 na yenye asilimia 90 zinaweza kutoka na wekundu uleule. Thamani zenyewe, kabla hazijavutwa, huduma hii haizionyeshi popote, na hapo ndipo nawanyima nyota.

Halafu doa lenyewe halina ncha. Kwa modeli nyingi za aina hii, picha hupunguzwa hadi pikseli 224 kwa 224, na ramani hutoka na miraba 7 kwa 7 tu, kisha inatandazwa na kulainishwa ipendeze. Kwenye picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000, mraba mmoja unafunika takriban 571 kwa 429. Humo kibao chote na kipande cha bampa vinaingia, kwa hiyo kusema "herufi ya tatu imebadilishwa" kwa kutazama ramani hiyo ni kubuni.

Nilijaribu kwa gari la ofisi, picha niliyopiga mwenyewe. Wekundu ulikaa kwenye kibao. Nikakata sehemu ya kibao na kupakia tena, wekundu ukahamia kwenye taa. Kisha nikachukua picha kamili na kufuta mkwaruzo wa mlangoni kwa kifutio cha simu. Asilimia ilipanda kweli, ila mlangoni palipakwa njano tu, na kibao kikabaki chekundu. Nani angetazama mlango?

Kuna kichupo kingine cha ELA. Hicho huhifadhi upya JPEG kwa ubora unaojulikana na kuonyesha tofauti. Nacho huwasha maandishi, kingo na majani hata kwenye picha safi, huku rangi laini ya boneti ikibaki giza. Kinachofaa kutazamwa ni kama kingo mbili za aina moja zinawaka tofauti, na hata hapo picha iliyopita WhatsApp imeshapoteza mengi.

Siku hizi tukitilia shaka namwomba mteja anitumie tena picha asili kama dokumenti, na nyingine za pembe tofauti, kisha mkaguzi anaenda kuliona gari. Nawapa nyota 3. Nitaongeza wakiweka kipimo kimoja cha rangi kwa picha zote, ili shaka ndogo ibaki bluu.