"Tumekubadilishia bure, sasa unadai nini?": uzoefu wangu na safari iliyofutwa

Nimekaa na hili muda mrefu na bado likinijia kichwani napandwa na hasira. Nilikata tiketi ya Amsterdam–Dar, kwenda na kurudi, yuro 780, nikawahi arobaini ya baba yangu Tanga. Niondoke Alhamisi, nifike Ijumaa, nipande basi, Jumapili niwe kwenye kisomo na ndugu zangu. Zikiwa zimebaki siku kama tano, ujumbe ukaingia: safari imefutwa, umehamishiwa Jumatatu, bila malipo. Chini yake kitufe kimoja tu: kuthibitisha.

Jumatatu! Kisomo kimeshapita, wageni wameshatawanyika, mimi ndiyo kwanza naburuta begi Amsterdam.

Sikugusa kile kitufe. Kwenye simu hawakupatikana, nikaenda kaunta yao uwanjani. Kijana aliyekuwepo hata macho hakuinua. Nikamwambia nina msiba, Jumatatu hainisaidii. Akajibu: "Tumekubadilishia bure, sasa unadai nini?" Nikamwomba basi wanirudishie hela. Akasema haiwezekani, kwa sababu tayari nina safari mpya kwenye mfumo.

Huo ni uongo, na ndio ulioniwasha. Kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, na inamlinda kila anayepanda ndege kwenye uwanja wa nchi za Umoja huo, shirika liwe la huko au la kwingine. Kifungu cha 8 kinasema shirika likifuta safari, anayechagua ni abiria: arudishiwe nauli ndani ya siku 7, au apelekwe anakokwenda. Mfumo wao kunipangia Jumatatu bila kuniuliza si mimi kuchagua. Na hela ni hela. Vocha hawawezi kukupa mpaka uikubali kwa saini yako.

Nilimsomea kifungu hicho kwenye simu palepale. Akaita msimamizi wake, mama mmoja mtulivu, na dakika kumi hazikupita fomu ya kurudishiwa nauli ikawa imejazwa. Nikatoka nimevimba kwa ushindi. Yuro 780 ziliingia benki ndani ya wiki. Kwa hilo siwezi kuwasingizia, walilipa.

Ila nilipofika nyumbani kutafuta tiketi nyingine ya Alhamisi ileile, ya bei rahisi kabisa ilikuwa yuro 1,430. Niliilipa, na nusu yake ilikuwa ya kukopa kwa shoga yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyenieleza, hata yule mama mtulivu. Ukichukua hela yako, mkataba umekwisha. Kuanzia dakika hiyo shirika halina wajibu wa kukufikisha popote. Ile 650 iliyozidi ni mzigo wako, na hata siti yako ya kurudi imekwenda pamoja na ile nauli. Kumbe mtu mwenye safari ya lazima kama mimi hakupaswa kudai hela. Kifungu kilekile kinasema upelekwe mapema iwezekanavyo, kwa masharti yanayolingana na ya mwanzo. Kama mashirika mengine yana nafasi Alhamisi na wao hawana mpaka Jumatatu, wanatakiwa wakuweke kwenye ndege ya wenzao, kwa gharama yao, hata kama siti hiyo ni 1,430. Hilo ndilo nililotakiwa kulidai pale kaunta, na kwa maandishi. Kurudishiwa hela kunamfaa mtu ambaye safari yenyewe imekufa, au ambaye ameshaona tiketi nyingine kwa bei ileile.

Kwa hiyo nikiulizwa kama huduma ilikuwa mbaya, nasema mbaya sana. Halafu namkumbuka yule mama alivyonijazia fomu kwa upole na hela ikaja kwa wakati, nalegea. Halafu nakumbuka kwamba naye alijua nakwenda msibani, alijua bei za wiki ile, akaniacha nisaini. Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya benki.

Kisomo nilikiwahi. Kilichobaki ni fidia, ambayo haihusiani kabisa na nauli: ukichukua nauli yako, fidia haifutiki. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, na taarifa imekuja chini ya siku 14, ni yuro 600, isipokuwa wathibitishe kulikuwa na dharura iliyo nje ya uwezo wao. Wameshanijibu mara mbili kwamba ndege ilikuwa na hitilafu ya kiufundi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishaamua tangu 2008 kwamba hitilafu ya namna hiyo kwa kawaida haihesabiki kuwa dharura, ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Barua ya tatu nimeipeleka wiki hii, na hukumu hiyo nimeitaja kwenye mstari wa kwanza.